Kupima dawa za kuua viini nyumbani kwa duara la kizuizi: mwongozo wa jaribio linalosimama kwenye ripoti

Ripoti nyingi za jaribio hili humalizika kwa sentensi moja: dawa fulani ndiyo bora kwa sababu duara lake lilikuwa pana zaidi. Mhadhiri makini huanza kukata alama hapo hapo. Upana wa duara ni kweli umepimwa, lakini ubora wa dawa haukupimwa, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo jaribio lenyewe. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili aliye na maabara yenye otoklevu na inkubeta hapa Nairobi, anayetaka kulinganisha dawa mbili zinazopatikana katika kila duka la mtaa: klorini ya kufulia, mfano Jik, na dawa ya kahawia ya kloroksilenoli, mfano Dettol. Nimechagua mbili tu kwa makusudi. Dawa mbili zilizopimwa vizuri zinakupa la kuandika kuliko nane zilizopimwa ovyo.

Elewa kwanza duara linatoka wapi

Unapaka bakteria juu ya aga, unaweka kipande kidogo cha karatasi chenye dawa, kisha unaacha sahani usiku kucha. Katika saa za kwanza mambo mawili yanaendelea kwa pamoja. Dawa inatoka kwenye karatasi na kusambaa ndani ya aga, ikipungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Bakteria nao wanazaliana. Ukingo wa duara ni mahali ambapo dawa ilikuwa dhaifu mno kuwazuia wakati wao tayari walikuwa wengi.

Kwa hiyo upana wa duara hauamuliwi na ukali wa dawa peke yake. Unategemea pia dawa inavyosafiri ndani ya aga, na kama inafika ikiwa bado nzima. Klorini huua bakteria wengi kwa haraka sana ndani ya maji safi, lakini aga ya maabara imejaa protini, na haipokloraiti hujibizana na protini hizo na kuisha njiani. Kloroksilenoli ina shida nyingine: haiyeyuki vizuri majini. Mimina Dettol kidogo kwenye glasi ya maji uone inavyogeuka nyeupe papo hapo. Huko ni kutawanyika kwa matone madogo sana ya mafuta, na matone hayatembei ndani ya aga kama chumvi iliyoyeyuka. Spiriti ndiyo huonewa kabisa na kipimo hiki, kwa kuwa huyeyuka hewani kabla bakteria hawajaanza kukua. Ndiyo maana sikuiweka kwenye jaribio.

Basi swali lako liandike hivi: "Je, kiasi sawa cha bidhaa hizi mbili, kikiwekwa juu ya aga ya Mueller-Hinton, hutoa maduara ya kizuizi yenye upana tofauti dhidi ya E. coli?" Ni swali dogo, na linajibika. Nadharia tete sifuri ni kwamba hakuna tofauti. Kigeu unachobadilisha ni bidhaa. Unachopima ni kipenyo kwa milimita. Vingine vyote, kuanzia kina cha aga, wingi wa bakteria, mikrolita kwenye karatasi, joto na saa, vinabaki palepale.

Bakteria na dawa

Omba E. coli ya aina ya ATCC 25922. Si ya hatari kubwa, na maabara nyingi za hospitali na vyuo huitumia kukagua vipimo vya viuavijasumu, jambo litakalokufaa sana baadaye. Usichukue bakteria kutoka kwenye choo, simu au koo la mwenzako ukawakuza. Hujui umekuza nini, na hutaweza kumweleza msomaji ni nani aliyezuiwa. Hata kwa aina hii salama, vaa koti na glavu, na usile chochote ndani ya maabara.

Kwa dawa, nunua chupa mpya zilizofungwa na uandike tarehe ya kutengenezwa, namba ya toleo na asilimia iliyo kwenye lebo. Klorini hupoteza nguvu inapokaa kwenye joto na mwanga, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi dirishani tangu muhula uliopita si dawa ile ile tena. Ile klorini inayouzwa mitaani kwa kupimiwa, ndani ya chupa za soda zisizo na lebo, iache nje ya jaribio hili. Inaweza kuwa somo zuri la ripoti nyingine, lakini huwezi kuhesabu kipimo cha kitu usichojua asilimia yake.

Onyo moja lisilo na mjadala: klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote, wala siki, wala spiriti, wala sabuni ya choo yenye asidi. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Kila dawa iwe na chupa yake na ncha yake ya pipeti, na mabaki yake yamwagwe peke yake.

Aga, na jambo ambalo Nairobi hubadilisha

Utahitaji sahani tisa za petri za milimita 90: tano za jaribio kuu, mbili za majaribio ya awali, na mbili za udhibiti. Aga inapaswa kuwa na kina cha milimita 4. Kwa sahani ya ukubwa huu, hiyo ni mililita 25 hivi. Tisa mara 25 ni 225, kwa hiyo tengeneza 250 na ubaki na akiba ya sahani moja. Unga wa Mueller-Hinton hupimwa gramu 38 kwa lita, hivyo mililita 250 zinahitaji gramu 9.5. Tumia chupa ya mililita 500 ili isifurike ikichemka.

Usikisie kina kwa macho. Sahani yenye aga nyembamba hutoa maduara mapana, na yenye aga nene hutoa membamba, kwa dawa ile ile. Tofauti kama hiyo ikiingia kati ya sahani zako utaihesabu kuwa ni ya dawa.

Sasa otoklevu. Vitabu vinasema nyuzi 121 kwa dakika 15, na vingi huongeza "au pauni 15 kwa inchi ya mraba". Maneno hayo mawili ni sawa kando ya bahari, Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa yenyewe hukandamiza kwa takribani kilopaskali 83 badala ya 101. Geji ya otoklevu nyingi huonyesha tu shinikizo lililozidi la hewa ya nje. Pauni 15 ni kilopaskali 103. Jumlisha na 83 upate 186, na mvuke wenye shinikizo hilo una nyuzi 118 hivi, si 121. Kama otoklevu yako inajiongoza kwa kipimajoto, huna wasiwasi. Kama ni ile ndogo ya geji, inayofanana na sufuria ya presha, ongeza muda hadi dakika 25, na uandike hivyo kwenye sehemu ya mbinu. Ni sentensi moja tu, na inaonyesha kwamba unajua ulichokuwa ukifanya.

Aga ikishuka hadi joto la nyuzi 50 hivi, chupa ikishikika bila kukuunguza, mimina kwenye meza iliyo sawa. Acha igande. Sahani usizotumia siku hiyo zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friji zikiwa zimepinduliwa.

Karatasi na namna ya kutia dawa

Toboa vipande vya milimita 6 kutoka kwenye karatasi nene ya kuchujia kwa panchi ya ofisini. Pima vipande vichache kwa rula, kwa kuwa panchi nyingine hutoboa milimita 5.5, si kosa, mradi vyote vitoke kwenye panchi moja na uandike kipimo chake. Vitie ndani ya sahani ya kioo, vipitishe kwenye otoklevu, kisha vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60.

Wanafunzi wengi huzamisha karatasi kwenye dawa, huitikisa na kuiweka juu ya aga. Hapo ndipo jaribio huharibika kimya kimya. Karatasi moja imebeba mikrolita 8, nyingine 20, na tone lililobaki chini yake limetiririka juu ya aga na kuacha duara lenye mkia. Fanya hivi: weka karatasi kavu juu ya aga kwa kibanio kilichopitishwa motoni na kupoa, igandamize kidogo ili ishike, kisha tia mikrolita 10 katikati kwa mikropipeti. Karatasi italoa hadi ukingoni na kukoma hapo. Ukishaiweka, usiisogeze tena hata kama haiko sawasawa, maana dawa imeshaanza kuingia kwenye aga.

Jaribio la awali, kabla ya lile kuu

Hii ni hatua ambayo watu huiruka kwa kukosa muda, na ndiyo huokoa ripoti.

Unataka kupima dawa ikiwa na nguvu gani? Jibu la kwanza linalokuja ni "kama lebo inavyoelekeza", kwa sababu ndivyo mtu wa nyumbani anavyoitumia. Kwa klorini ya asilimia 3.5, wahudumu wa afya wa Kenya wanaijua hesabu hii kwa moyo: sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Jumla ni sehemu saba, na 3.5 kugawanya kwa 7 ni asilimia 0.5. Kwa kipimo kidogo, mililita 1 ya klorini na mililita 6 za maji. Kloroksilenoli ya asilimia 4.8 ikichanganywa mililita 1 kwa mililita 19 za maji inakuwa moja kwa ishirini, yaani asilimia 0.24. Tumia maji yaliyotoneshwa na kutakaswa kwa otoklevu. Maji ya mfereji yana klorini yake mwenyewe.

Lakini angalia kiasi kinachofika kwenye karatasi. Mikrolita 10 za klorini ya asilimia 0.5 ni mikrogramu 50 tu za haipokloraiti, na aga iliyoizunguka ina protini ya kutosha kuimaliza. Mikrolita 10 za kloroksilenoli iliyozimuliwa hubeba mikrogramu 24. Usishangae kuona hakuna duara lolote. Si kwamba dawa ni mbovu. Mzigo ni mdogo mno kwa kipimo hiki.

Kwa hiyo, siku chache kabla, chukua sahani mbili. Katika kila moja weka karatasi nne: klorini kama ilivyo chupani, klorini iliyozimuliwa, kloroksilenoli kama ilivyo chupani, na kloroksilenoli iliyozimuliwa. Zile zilizozimuliwa zikitoa maduara ya wazi ya milimita 9 au zaidi, fanya jaribio kuu kwa kipimo cha lebo. Zisipotoa, fanya jaribio kuu kwa dawa ambazo hazijazimuliwa na useme hivyo kwenye kichwa cha ripoti, kisha uweke matokeo ya awali kwenye jedwali dogo. Jambo usilopaswa kufanya ni kuzimua moja na kuiacha nyingine kama ilivyo kwa sababu tu inatoa picha nzuri.

Mpangilio wa jaribio kuu

Kila sahani kati ya zile tano inabeba karatasi nne: klorini, kloroksilenoli, maji yaliyotakaswa, na kidonge cha karatasi cha kiuavijasumu cha jentamaisini chenye mikrogramu 10. Zipange katika robo nne, kila moja ikiwa milimita 25 hivi kutoka katikati. Kwa umbali huo jirani wanaachana kwa milimita 35, na maduara hayataungana.

Kila moja kati ya hizo nne ina kazi yake. Karatasi ya maji inakuambia kwamba karatasi yenyewe, au kibanio, au unyevu havizuii bakteria. Kipenyo chake kinapaswa kuwa milimita 6, yaani karatasi tupu. Jentamaisini inakuambia kama kipimo kizima kimefanya kazi. Kwa ATCC 25922 kwenye Mueller-Hinton ya milimita 4, duara lake linatarajiwa kuwa kati ya milimita 19 na 26. Ukipata humo, aga yako, bakteria wako na joto lako viko sawa, na mhadhiri hana pa kushika. Ukipata 14, usitafute maelezo ya dawa zako. Tafuta kosa kwenye sahani.

Sahani mbili za udhibiti husimama kando. Moja haipakwi bakteria na haina karatasi. Kikiota kitu humo, utakaso wako umeshindwa. Nyingine inapakwa bakteria tu. Iweke hasa kwa sababu klorini na kloroksilenoli zote hutoa harufu, na chini ya kifuniko mvuke wake unaweza kuwafikia bakteria ambao dawa haikuwagusa kwenye aga. Linganisha utando wa sahani hiyo na utando ulio karibu na karatasi za maji. Ule wa karibu na maji ukiwa hafifu zaidi, una jambo la kujadili.

Kwa nini kila dawa iwe kwenye kila sahani, badala ya sahani tano za klorini na tano za kloroksilenoli? Kwa sababu sahani hazifanani kamwe, hata ukimimina kwa uangalifu wote. Zikikaa kwenye sahani moja, dawa zote mbili zinapata aga ile ile na utando ule ule, na tofauti kati yao inabaki safi. Na marudio yako ni sahani tano, si vipimo. Ukipima duara moja mara nne huna marudio manne, una duara moja.

Nani akae robo ipi? Andika namba 1 hadi 4 kwenye vipande vya karatasi na upige kura kwa kila sahani. Halafu mwombe mwenzako amimine dawa kwenye vichupa vilivyoandikwa P na R tu, afiche orodha hadi mtakapomaliza kupima. Ukingo wa duara mara nyingi una ukungu, na jicho linalojua dawa ipi iko wapi litakata ukungu huo kwa upendeleo bila hata kujua. Ni kweli harufu itakufunulia siri wakati wa kutia dawa. Basi mtu anayepima awe mwingine kuliko aliyetia.

Siku ya kupaka

Kuza E. coli usiku kucha kwenye aga. Asubuhi chukua koloni tatu au nne, zichanganye ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yaliyotakaswa, na uongeze hadi uchafu wa maji ulingane na kiwango cha McFarland 0.5. Kiwango hicho unaweza kukitengeneza: mililita 0.5 ya kloridi ya bari ya asilimia 1.175 ndani ya mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1. Shika chupa zote mbili mbele ya karatasi nyeupe yenye mistari myeusi, na mistari ionekane kwa ukungu sawa. Kama kuna spektrofotometa, soma kwenye nanomita 625 na utafute kati ya 0.08 na 0.13. Hapo una takribani bakteria milioni 150 kwa kila mililita. Tumia mchanganyiko huo ndani ya dakika 15.

Chovya kijiti cha pamba kilichotakaswa, kikamue kwenye ukuta wa chupa kwa kukizungusha, kisha paka sahani nzima kwa mistari iliyobanana bila kuacha pengo. Zungusha sahani theluthi, paka tena juu ya pale pale. Zungusha, paka mara ya tatu. Malizia kwa kupitisha kijiti ukingoni mwa aga. Mtu aliyeharakisha hapa hugundulika kesho yake: utando wake una mistari kama shamba lililolimwa, na duara halina mahali pa kuishia.

Acha sahani zikauke dakika 3 hadi 5, weka karatasi, tia dawa, na uhakikishe sahani zote tano zimekamilika ndani ya robo saa tangu zipakwe. Ziache dakika 15 bila kuzipindua ili dawa iingie, kisha zipindue na uziweke kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa saa 18. Shikiza kifuniko kwa vipande viwili vya utepe bila kuziba pande zote, maana hewa inahitajika.

Usiziache kwenye meza ukitegemea joto la chumba. Usiku wa Julai Nairobi ni baridi. Bakteria watachelewa, dawa itapata muda mrefu zaidi wa kusambaa, na maduara yako yatakuwa mapana kuliko yanavyopaswa. Weka kipimajoto cha kukumbuka ndani ya inkubeta. Stima ikipotea usiku, utajua joto lilishuka hadi wapi, na utaamua kwa ushahidi kama utarudia.

Kupima na kuhesabu

Pindua sahani uipimie kwa nyuma, juu ya kitambaa cheusi, taa ikitoka ubavuni. Pima kipenyo kwa pande mbili zinazokatana, pamoja na karatasi yenyewe, na uchukue wastani kwa milimita nzima. Pale ambapo hakuna duara, andika 6, si 0, kwa sababu hapo karatasi ndiyo mpaka wa unachoweza kuona. Weka sheria zako za kutupa sahani kabla hujapima: kwa mfano, sahani yoyote ambayo maji yamezidi 6 au jentamaisini iko nje ya 19 hadi 26 haihesabiwi. Ukiweka sheria baada ya kuona namba, si sheria tena.

Tuseme, kwa kuonyesha hesabu tu, dawa hazikuzimuliwa, na sahani tano zilitoa hivi:

- Klorini: 14, 15, 13, 15, 13. Wastani 14.0, mkengeuko sanifu 1.0.
- Kloroksilenoli: 17, 18, 15, 18, 17. Wastani 17.0, mkengeuko sanifu 1.2.

Kwa kuwa zilikaa pamoja, toa sahani kwa sahani: 3, 3, 2, 3, 4. Wastani wa tofauti ni 3.0, na mkengeuko sanifu wake ni 0.71. Gawanya 0.71 kwa kipeuo cha pili cha 5 upate 0.32, kisha 3.0 kwa 0.32, na thamani ya t ni 9.5 hivi. Kiwango cha kuvuka kwa digrii 4 za uhuru na asilimia 5 ni 2.78. Tofauti ipo. Ungezichukua kana kwamba zilitoka sahani tofauti, t ingekuwa 4.2 tu, kwa sababu mabadiliko ya sahani yangeingia kwenye hesabu. Tazama sahani ya tatu: dawa zote mbili zilishuka pamoja. Huenda aga yake ilikuwa nene kidogo. Mpangilio wako umeliona jambo hilo na kuliondoa.

Kama umeamua kulinganisha dawa tatu au zaidi, usirudie kipimo hiki cha t kwa kila jozi. Tumia uchambuzi wa tofauti unaohesabu sahani kama vitalu.

Dalili za makosa

Utando ukiwa hafifu wenye matundu na maduara makubwa kila mahali, jentamaisini ikiwemo, bakteria walikuwa wachache. Maduara yote yakiwa madogo, walikuwa wengi au aga ilikuwa nene. Jentamaisini peke yake ikiwa ndogo, vidonge vimekaa kwenye joto, vinatakiwa friji. Duara la umbo la yai lina maana dawa ilitiririka. Koloni moja moja ndani ya duara zinaweza kuwa uchafu au bakteria wachache wanaostahimili. Chukua moja, ikuze upya, uangalie kama ni E. coli kabla ya kuandika neno "usugu".

Unachoweza kusema, na usichoweza

Kwa namba zile za mfano, sentensi halali ni hii: "Mikrolita 10 za bidhaa ya kloroksilenoli isiyozimuliwa zilitoa duara pana kwa milimita 3 kuliko klorini isiyozimuliwa, kwenye aga ya Mueller-Hinton." Andika "bidhaa", kwa kuwa ndani ya chupa ya kahawia mna pia alkoholi na mafuta ya msonobari, na klorini ya kufulia ina alkali kali inayoweza kuzuia bakteria yenyewe. Ukitaka kutenganisha, ongeza karatasi yenye haidroksidi ya sodiamu ya pH sawa na ya klorini yako.

Usiseme kloroksilenoli huua zaidi. Duara halikuonyeshi hata kama bakteria walikufa au walizuiwa tu. Ili ujue la kwanza, gusa ndani ya duara kwa kitanzi na upake kwenye aga mpya. Wakiota, walikuwa hai.

Kwa mwanafunzi mwenye siku moja zaidi, kuna kipimo kinachokaribia matumizi ya nyumbani. Changanya mililita 9 za dawa iliyozimuliwa kama lebo inavyosema na mililita 1 ya bakteria. Baada ya dakika 1 na dakika 5, chukua mililita 1 uitie kwenye mililita 9 za kimiminika cha kukomesha dawa: thiosalfati ya sodiamu ya asilimia 0.5 kwa klorini, Tween 80 ya asilimia 3 kwa kloroksilenoli. Kisha zimua, paka na uhesabu koloni. Bila kukomesha, dawa inaendelea kuua ndani ya pipeti na huwezi kusema dakika 1 ilikuwa dakika 1. Uweke pia bomba lenye kimiminika hicho na bakteria bila dawa, kuhakikisha kwamba chenyewe hakiwaui. Katika kipimo hiki klorini haikutani na protini nyingi za aga, na inaweza kabisa kushinda dawa iliyoishinda kwenye sahani. Weka majedwali mawili hayo pamoja kwenye mjadala wako.

Sahani zikishapimwa hazifunguliwi. Zitie kwenye mfuko wa otoklevu uziendeshe kwa muda ule ule ulioongeza kwa ajili ya mwinuko, ndipo ziende takani.